Sala kwa ajili ya wenzetu wanaosubiri mtoto

Ee Mungu Baba yetu, tumekusanyika usiku huu sebuleni kwa kaka yetu na mkewe, sisi wanajumuiya wenzao. Leo wametimiza miaka 12 ya ndoa. Tumekula chakula chao, tumeimba, tumekushukuru kwa upendo wao. Sasa tunakuja kwa jambo ambalo siku zote tumekuwa tukilizunguka. Wanakuomba mtoto, Baba. Wameturuhusu kulitaja mbele zako, basi tunalitaja.

Kwanza utusamehe sisi. Mara ngapi tumewasalimia, "Watoto hawajambo?" kisha tukameza mate tulipokumbuka. Tumemtazama dada yetu tumboni kabla ya kumtazama usoni. Wenzake tumewaita Mama Neema, Mama Baraka, na kwake tukasita, kana kwamba hana jina. Tulipokosa la kusema tulikimbilia kumwambia kwamba wakati wa Mungu haujafika. Tulisema ili sisi tupate kuondoka, Bwana, na yeye tukamwacha na uchungu wake. Utufundishe kukaa na mtu bila kusema neno.

Unawajua wawili waliotangulia. Mmoja alitoka katika wiki ya 9. Wa pili alikuwa ametimiza miezi mitano, ameshaanza kucheza tumboni. Hapakuwa na matanga. Watu waliambiwa dada yetu ana malaria, naye Jumatatu akarudi kazini, maziwa yakimvuja kifuani. Kwenye begi lililo juu ya kabati kuna kishali cha manjano na soksi mbili, kila moja ndogo kama kidole gumba. Baba yao ndiye aliyezinunua, na mpaka leo ndiye anayelifuta vumbi lile begi. Watoto wale tunawaweka mikononi mwako. Usiku huu tunawalilia, kwa kuwa wakati ule hatukuwalilia.

Umeona pia lile la Jumamosi iliyopita. Dada yetu aliamka alfajiri, akamenya ndizi, akampikia mtori wifi yake aliyejifungua. Alimpakata mtoto, akamwogesha, akamvika. Aliporudi nyumbani alifunga mlango wa chumbani akalia mpaka giza likaingia. Furaha yake kwa wifi yake ilikuwa ya kweli, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Asijihukumu kwa ajili ya hicho kilio.

Bwana, ulimsikia Hana alipoomba midomo ikicheza bila sauti, hata kuhani akadhani amelewa. Isaka alikuombea kwa ajili ya Rebeka, akakaa naye miaka 20 kabla mapacha wao hawajazaliwa. Tunayasoma hayo tunapata nguvu. Lakini tunawajua pia mama zetu wa hapa hapa kanisani, waliokuomba kwa machozi yale yale wakazeeka bila kumpakata wa kwao. Hatuelewi. Hatutajifanya mbele zako kwamba tunaelewa. Kuna usiku ambao hawa wawili wamekukasirikia, na usiku mwingine hawakuweza kuomba kabisa. Usiku kama huo, uipokee sala yetu badala ya yao.

Tunakuomba mtoto, Baba. Hatuombi kwa mafumbo. Daktari amewapima wote wawili na hakuona sababu, na hilo ndilo linalowachosha zaidi, maana hakuna la kutibu na hakuna la kukatia tamaa. Wameshauza pikipiki kwa ajili ya gharama. Uwape madaktari busara na ukweli. Uugange mwili wa dada yetu, uugange mwili wa kaka yetu. Mimba ikitunga, uilinde wiki baada ya wiki mpaka tusikie kilio cha mtoto.

Na wanaomwambia kaka yetu akatafute mke mwingine, uwanyamazishe. Uitunze ndoa hii isigeuke kuwa ya kuhesabu siku kwenye kalenda. Wakumbuke walivyopendana kabla ya vipimo. Ukiwafungulia mlango wa kumlea mtoto aliyezaliwa na mwingine, wauone wenyewe kwa wakati wao, sisi tusiwasukume.

Jumatatu saa mbili asubuhi wanarudi kliniki. Uketi nao kwenye lile benchi, katikati ya kina mama wenye matumbo makubwa, mpaka waitwe. Na leo, sisi tukishaondoka na vyombo vikishaoshwa, nyumba itanyamaza. Wametuambia hiyo ndiyo saa ngumu kuliko zote. Ubaki hapa, Bwana. Wapate usingizi, wote wawili.

Tunaomba haya katika jina la Yesu Kristo, aliyelia kwenye kaburi la rafiki yake.

Amina.