Magauni 14 ya sendofu, na mkono mmoja uliobana

Jumapili jioni tulipokea ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mama mmoja wa Kibosho, ambaye mwezi uliopita alituletea hapa Moshi vitenge vya sare kwa ajili ya sendofu ya binti yake. Tulimwomba ruhusa ya kuuchapisha, naye akaridhia kwa sharti kwamba jina lake na picha za binti zisionekane. Tumeondoa sentensi moja tu, ile aliyotuita mafundi bora kuliko wote mkoani Kilimanjaro, kwa kuwa hiyo ni sifa tusiyoweza kuithibitisha. Yaliyobaki ni maneno yake.

"Nilikuwa nawaogopa mafundi cherehani, kwa sababu kwenye sendofu ya dada yake mkubwa sare zilifika asubuhi ya shughuli, nyingine zikining'inia nyuzi. Safari hii nilipeleka vitenge wiki nne kabla, nikasema nazitaka Jumatano, na Jumatano saa tisa alasiri nikapigiwa simu nikazichukue. Magauni yote 14 yalikuwa yamepigwa pasi, kila moja na karatasi yenye jina la mvaaji. La shangazi wa Njiro lilimbana mkononi, ila walilirekebisha kesho yake bila kunidai kitu. Mama yangu ana miaka 78 na mkono wake mmoja haupandi vizuri. Fundi alimwuliza mwenyewe, akaiweka zipu ubavuni badala ya mgongoni. Siku ya shughuli bibi alivaa peke yake, na hilo ndilo lililonigusa kuliko yote."

Wazo la zipu lilikuwa la binti anayepima wateja wetu, aliyeona bibi akisita alipoombwa kuinua mkono. Sisi wengine tusingeliona.

Kuhusu mkono uliobana, kosa lilikuwa letu. Shangazi yuko Arusha, alijipima mwenyewe na kututumia vipimo kwa simu, nasi tukakata kitambaa bila kuuliza unene wa mkono wa juu. Sasa kila asiyeweza kufika Moshi tunamwomba apimwe na mtu mwingine, mkono ukiwa umekunjwa, na tunaacha inchi moja ya ziada ndani ya mshono ili gauni liweze kuachiwa bila kuongezwa kitambaa.

Mama huyu alilipa shilingi 30,000 kwa kila gauni, kama mteja mwingine yeyote, na aliandika ujumbe wake baada ya kumaliza deni. Hakupewa punguzo wala zawadi.

Kwa wenye shughuli za Desemba, ndugu wanaporejea nyumbani na kila familia kutaka sare kwa wiki zilezile, tutapokea vitenge hadi Novemba 15. Baada ya tarehe hiyo tutakataa kazi yoyote ya sare, hata ya mama wa Kibosho, ambaye ametudokeza kwamba bado ana binti wa tatu.