Kumlaza mtoto mchana

Dada, mtoto akianza kujisugua macho na kuvuta lile sikio la kushoto, kawaida saa saba hivi, usingoje alie maana akishachoka sana ndo anagoma kabisa kulala. Mpe maziwa, mcheulishe, badilisha pampasi, zima tivii ufunge pazia. Mbebe begani umpigepige mgongoni taratibu huku unamwimbia, macho yakilegea mweke kitandani kabla hajazama usingizini, alale chali jamani sio kifudifudi, na usiweke mto, blanketi wala midoli humo, hata kama kunaonekana kutupu. Akishtuka akalia muwekee mkono kifuani utulie nae kidogo, mara nyingi anarudi. Akikataa kabisa nipigie, ntapokea hata nikiwa kwenye kikao.