Hotuba ya ufunguzi kwa upande wa waombaji: shule iliyonyimwa usajili

Mheshimiwa Jaji Kiongozi wa jopo, Waheshimiwa Majaji, mkiridhia. Kwenye mashindano haya ya kesi ya mfano mimi ni msemaji wa kwanza wa timu namba 4, niko upande wa waombaji, na mwenzangu aliyekaa hapa kushoto kwangu ndo msemaji wa pili. Wenzetu wasomi wa timu namba 7 wako upande wa wajibu maombi, yani Kamishna wa Elimu na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mimi nitatumia dakika 12, mwenzangu 8, na tunaomba tubakiziwe dakika 2 za kuwajibu wenzetu wakimaliza.

Waheshimiwa, nimechagua kusema Kiswahili. Tangu sheria ilipobadilishwa 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama zetu, alafu barua tunayoilalamikia leo imeandikwa kwa Kiswahili na waliopelekewa wanasoma Kiswahili, sasa sioni kwa nini mimi niwasemee kwa lugha ambayo wangekuwepo humu ukumbini wangebaki wananitazama mdomo tu.

Naanza na mambo yalivyokuwa. Waombaji ni wazazi 64 wa kijiji kimoja juu ya uwanda wa Makonde, wilaya ya Newala. Shule ya msingi iliyo karibu nao iko kilomita 7, mtoto wa darasa la kwanza anatoka nyumbani giza bado halijaisha. Kwa misimu mitatu ya korosho hawa wazazi walikubaliana kila mmoja akatwe shilingi 30 kwa kila kilo akishalipwa hela yake ya mnada, aliyeuza gunia mbili akatwe na aliyeuza gunia arobaini akatwe, na hela hiyo ndo imejenga madarasa 7, ofisi moja, matundu 12 ya vyoo na matenki mawili ya maji ya lita 10,000 kila moja. Kibali cha ujenzi walikuwa nacho, mmiliki na meneja walishathibitishwa. Kilichobaki kilikuwa ni usajili tu.

Tarehe 14 Januari 2025 wakapeleka maombi ya usajili. Tarehe 11 Machi wathibiti ubora wa shule wakaja, wakapima madarasa, wakahesabu matundu, wakafungua mpaka mifuniko ya matenki, wakaandika ripoti. Ile ripoti iko kwenye jalada ukurasa wa 14 na nawaomba Waheshimiwa muiwekee alama hapo maana tutairudia. Baada ya hapo kimya. Machi ikaisha, Aprili ikaisha, Mei ikaisha. Tarehe 6 Juni ikaja barua, na barua yenyewe ina sentensi moja ya maana, naisoma yote kama ilivyo: "Maombi yenu ya usajili yamekataliwa kwa kuwa eneo halina mazingira rafiki ya kuendesha shule, kwa mujibu wa taarifa tulizozipokea."

Basi. Hamna kingine. Chini yake saini na muhuri.

Waheshimiwa Majaji, kesi yetu nzima imo kwenye maneno matatu ya mwisho ya sentensi hiyo, kwamba kuna taarifa walizozipokea. Taarifa zipi? Kutoka kwa nani? Zinasema nini? Ripoti ya wathibiti ubora haiwezi kuwa ndo hizo taarifa, kwa sababu ripoti inasema kinyume, inasema shule imekidhi na inapendekeza isajiliwe. Kwa iyo kati ya Machi 11 na Juni 6 kuna kitu kiliingia kwenye faili la Kamishna, hatujui ni barua, hatujui ni simu, hatujui kilisemwa na mtu gani, na hicho kitu ndo kimeizima shule. Wazazi hawajakiona mpaka leo. Hata kwenye kiapo kinzani cha wajibu maombi hakijaambatanishwa. Mtu amehukumiwa kwa neno ambalo hajawahi kulisikia.

Kabla sijaingia kwenye hoja kuna mambo mawili nayasogeza pembeni mapema, ili wenzetu wasipoteze muda wao nayo.

La kwanza, hatuegemei ibara ya 11 ya Katiba. Najua inavutia, inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha, na nakiri siku tunaanza kujiandaa mimi mwenyewe nilitaka tuifanye hoja ya kwanza. Lakini ibara ya 11 iko kwenye Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, na ibara ya 7(2) imesema wazi kwamba masharti ya sehemu ile hayatekelezwi na mahakama yoyote. Tukiileta hapa wenzetu wataipangua kwa sentensi moja na watakuwa sahihi. Sisi tumesimama kwenye ibara ya 13(6)(a), ya haki ya kusikilizwa, iliyo Sehemu ya Tatu, na hiyo mahakama inaitekeleza kila siku.

La pili ni muda na njia. Watasema wazazi wangekata rufaa kwa Waziri kwanza. Walikwenda, Waheshimiwa. Barua yao kwa Waziri ni ya tarehe 20 Juni, muhuri wa kupokelewa unaonekana ukurasa wa 19, na mpaka wanafungua maombi ya kibali cha kuleta shauri hili mahakamani tarehe 3 Novemba hakuna aliyewajibu hata kwa mstari mmoja. Kanuni za 2014 zinataka kibali kiombwe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi, na miezi 6 kutoka Juni 6 inaishia Desemba 6. Wangeendelea kusubiri jibu la Waziri, mlango huu ungefungwa na wao wako nje. Kibali walikipata Novemba 24, maombi yenyewe yakaingia Desemba 4, siku ya 10 kati ya 14 zinazoruhusiwa. Wako ndani ya muda kote kote.

Sasa hoja zenyewe. Ziko tatu, mimi nasema mbili na mwenzangu moja.

Hoja ya kwanza ni haki ya kusikilizwa. Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Mbeya-Rukwa Autoparts dhidi ya Jestina Mwakyoma, iliyoripotiwa mwaka 2003, ilishasema kwamba hapa Tanzania haki asilia si kanuni ya sheria za mapokeo tu, imekuwa haki ya msingi ya kikatiba, na ikaitaja ibara hii hii ya 13(6)(a). Wenzetu watajibu kwamba pale kulikuwa na mahakama na hapa kuna ofisi ya utawala. Lakini ibara yenyewe inasema haki na wajibu wa mtu vinapofanyiwa uamuzi na mahakama "au chombo kinginecho". Chombo kinginecho, Waheshimiwa. Kamishna anapoamua kama jengo ambalo watu wamelijenga kwa jasho lao litaitwa shule au litabaki banda la kukaushia korosho, anaamua juu ya haki za watu, hakuna jina lingine la kuliita jambo hilo.

Na hatusemi Kamishna alitakiwa afunge safari mpaka Newala akae chini ya mwembe asikilize wazazi 64 mmoja mmoja, hapana. Kusikilizwa kunaweza kuwa karatasi moja tu. Angeandika: tumepata taarifa kwamba maji hayatoshi kiangazi, mnasemaje? Wazazi wangejibu ndani ya wiki. Nasema maji kwa sababu tunahisi ndo yalikuwa shida, na angalieni hapo tulipofikishwa, mawakili wa waombaji tumesimama mbele ya Mahakama tunabahatisha kosa la wateja wetu ni lipi.

Mimi nimekulia uwanda uleule, upande wa Tandahimba, nimekwenda shule na kidumu cha lita 3 kila asubuhi, cha njano, mfuniko wake ulipotea tukawa tunaziba na gunzi la hindi, na ukifika hakijajaa unarudishwa. Najua hilo si ushahidi na siliweki mbele yenu kama ushahidi. Nalisema ili ieleweke kwamba mzazi wa kule akiulizwa kuhusu maji hapati kigugumizi. Ni kitu ambacho amekifikiria maisha yake yote. Ndo maana walijenga matenki kabla hawajapiga lipu ofisi ya mwalimu mkuu, na ndo maana kwenye jalada kuna makubaliano ya boza la maji kwa miezi ya Agosti mpaka Novemba. Jibu walikuwa nalo mkononi. Hawakuulizwa swali.

Hoja ya pili ni sababu. Kwenye kesi ya James Gwagilo dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, iliyoripotiwa 1994, Mahakama Kuu ilisema mwenye mamlaka ya kisheria anayeamua jambo linalomgusa mtu lazima atoe sababu, na uamuzi uliopingwa pale ulikuwa wa Rais, ngazi ya juu kuliko Kamishna. "Mazingira rafiki" si sababu. Ni maji? Ni barabara? Ni umbali kutoka zahanati? Ni walimu? Mtu akiambiwa choo kimepungua tundu moja anachimba, akiambiwa mazingira si rafiki anafanya nini, anaanzia wapi? Na bila sababu hata hiyo rufaa ya kwa Waziri inakuwa haina maana, kwa kuwa huwezi kukatia rufaa kitu usichokijua. Hapa hoja ya pili inashikana na ya kwanza na ndo maana nimezipanga hivi.

Tunachoomba ni kidogo, Waheshimiwa, na nataka kiandikwe vizuri. Hatuombi Mahakama iisajili shule. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, imempa Kamishna kazi hiyo, na Mahakama hii haikai kwenye kiti chake. Tunaomba amri ya kuutengua uamuzi wa Juni 6, na amri ya kumtaka Kamishna ayaamue maombi upya ndani ya siku 60 baada ya kuwaonesha wazazi taarifa alizozipokea na kuwapa nafasi ya kuzijibu. Akishawasikiliza akakataa tena kwa sababu zinazosomeka, huo utakuwa uamuzi mwingine na tutauangalia wakati wake.

Hoja ya tatu ni ya mwenzangu, kwamba Kamishna aliacha kuzingatia jambo alilopaswa kulizingatia, ambayo ni moja ya misingi iliyotajwa na Mahakama ya Rufani kwenye Sanai Murumbe dhidi ya Mhere Chacha, 1990. Atawapeleka ukurasa wa 14, kwenye jedwali la wathibiti ubora: wavulana 102 matundu 6 wakati kiwango cha tundu moja kwa wavulana 25 kinadai 5, wasichana 108 matundu 6 kwa kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20, na chini kabisa, kwa mkono wa mthibiti mwenyewe, mstari unaosema matenki yote mawili yalikutwa yamejaa.

Kama Waheshimiwa hamna swali kwangu kwa sasa, nampisha mwenzangu.