Kadi ya Uanachama, Taarifa ya Mafao na Barua ya Kupinga Kukataliwa Matibabu

KADI, UPANDE WA MBELE

Namba ya uanachama: 4471-0926-02
Mnufaika: Idrisa Juma
Uhusiano: Mtoto
Tarehe ya kuzaliwa: 14 Juni 2016
Mwanachama mkuu: Mwanahamisi Rashidi (4471-0926-00)
Mpango: Fedha, mkataba wa kikundi kupitia mwajiri
Alijiunga mara ya kwanza: 1 Februari 2023
Kipindi cha sasa: 1 Februari 2025 hadi 31 Januari 2026

KADI, UPANDE WA NYUMA

Kadi hii inamtambulisha mnufaika tu. Si ahadi ya malipo. Ionyeshe pamoja na kitambulisho chenye picha; kwa mtoto, onyesha cha mzazi. Tarakimu mbili za mwisho ndizo zinazotofautisha wanafamilia: 00 ni mwanachama mkuu, 01 ni mwenzi, 02 na kuendelea ni watoto. Kadi ya mwaka uliopita irudishwe kwa mwajiri au ikatwe. Kumtibia mtu mwingine kwa kadi hii kunafuta uanachama wa familia nzima.

TAARIFA YA MAFAO
Imetolewa 28 Februari 2025

Ndugu Mwanachama,

Hapa chini ni mafao ya mnufaika 02 kama yalivyo leo. Madai ambayo hospitali haijatuletea hayamo. Hospitali nyingi huyaleta kwa mkupuo mwishoni mwa mwezi, kwa hiyo salio unalolisoma linaweza kuwa kubwa kuliko lililopo kweli.

Matibabu ya nje: mahudhurio 24 kwa mwaka. Limetumika 1 (19 Februari 2025, uchunguzi wa daktari wa upasuaji), yamebaki 23. Uchangiaji wako ni asilimia 10.

Kulazwa: siku 30 kwa mwaka, hazijaguswa. Siku ya kuingia na siku ya kutoka huhesabiwa kuwa siku moja.

Upasuaji wa kupangwa: unalipiwa asilimia 90 kwa kibali cha awali. Bila kibali haulipiwi, hata kama kadi ni hai na salio lipo.

Dharura: hakuna kibali cha awali. Hospitali itujulishe ndani ya saa 48 tangu mgonjwa apokelewe.

Meno: mahudhurio 2. Miwani: moja kila miezi 24, ya mwisho ilichukuliwa Oktoba 2023, hivyo nyingine ni kuanzia Oktoba 2025 na si mwanzo wa mwaka wa bima, kama wengi wanavyodhani.

Kipindi cha kusubiri: hali iliyokuwepo kabla ya kujiunga hulipiwa baada ya miezi 12. Miezi hiyo huhesabiwa tangu tarehe ya kujiunga mara ya kwanza. Kuhuisha uanachama au kubadilishiwa mpango ndani ya kikundi kilekile hakuanzishi hesabu upya, mradi uanachama haukukatika kwa zaidi ya siku 30. (Kifungu 7.3)

*Kuhakiki kabla ya tiba*

Uhakiki una maswali matatu, na jibu la moja halijibu mengine. La kwanza: je, kadi ni hai leo? La pili: je, hospitali hii ina mkataba nasi kwa huduma hii hasa? Hospitali inaweza kuwa na mkataba wa matibabu ya nje bila wa upasuaji, na mtaalamu wa usingizi anaweza kuwa anajitegemea na kuleta bili yake pembeni. Uliza habari zake mapema. La tatu: je, huduma inahitaji kibali, na kimeshatoka?

Piga simu dawati la wanachama siku tano za kazi kabla ya miadi. Taja namba yote hadi tarakimu mbili za mwisho; ukiishia katikati, mhudumu atafungua faili la mwanachama mkuu na kukusomea mafao yasiyo ya mtoto. Usikate simu kabla hujapewa namba ya uhakiki. Iandike pamoja na saa uliyopiga. Rudia kuhakiki asubuhi ya siku yenyewe, kwa sababu michango ya mwajiri ikichelewa kupita tarehe 5 ya mwezi, mfumo husitisha kikundi kizima hadi malipo yaonekane.

Kibali huombwa na hospitali, si na wewe, lakini omba nakala. Soma mambo manne: namba ya mnufaika, msimbo wa ugonjwa, jina la upasuaji, na tarehe ya mwisho (kibali hudumu siku 14). Msimbo ndipo penye mtego. Kibali cha ngiri ya kinena ya upande mmoja, K40.9, hakilipii pande mbili, K40.2. Daktari akigundua ya pili akiwa chumba cha upasuaji, hospitali ituombe nyongeza kabla ya kufunga bili. Ngiri iliyonasa na kuziba, K40.3, inaingia kwenye dharura.

*Ukikataliwa dirishani*

Usiondoke na jibu la mdomo. Dai hati ya kukataliwa yenye tarehe, sababu na mhuri, kwani bila hati hiyo tunabaki na neno lako dhidi ya lao. Omba pia wapige simu kwetu ukiwa hapo hapo. Makosa ya tarakimu na ya kadi ya zamani huisha kwa dakika chache. Ukilazimika kulipa, andika "Nimelipa kwa pingamizi" kwenye fomu ya malipo juu ya sahihi yako na ubaki na risiti halisi. Lete pingamizi ndani ya siku 30. Tutajibu kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi. Usiporidhika, rufaa huenda kwa kamati ya mapitio, na baada ya hapo kwa mamlaka inayosimamia bima.

Dawati la Wanachama

BARUA YA PINGAMIZI

Mwanahamisi Rashidi
Namba ya uanachama 4471-0926-00
24 Machi 2025

Afisa Malalamiko,
Skimu ya Bima ya Afya.

Ndugu Afisa,

YAH: KUPINGA KUKATALIWA KWA UPASUAJI WA MNUFAIKA 4471-0926-02, TAREHE 18 MACHI 2025

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Napinga uamuzi wa kutolipia upasuaji wa ngiri ya kinena ya upande wa kulia aliofanyiwa mwanangu Idrisa, na naomba kurejeshewa nilicholipa.

Mambo yalikwenda hivi. Tarehe 19 Februari daktari wa upasuaji alimpima na kuandika K40.9. Tarehe 12 Machi, saa 4:20 asubuhi, nilipiga simu dawatini kwenu, nikajibiwa kuwa kadi ni hai na hospitali ina mkataba wa upasuaji. Namba ya uhakiki niliyopewa ni U-58813. Kesho yake mlitoa kibali K-20774 chenye namba ya mtoto, msimbo uleule na ukomo wa tarehe 27 Machi. Tarehe 18, saa 1 asubuhi, nilihakiki tena nikiwa njiani: kadi bado hai, namba U-59106.

Saa 1:50 tulifika dirisha la bima. Mhudumu alifungua mfumo, akasema kibali kimezuiwa. Simlaumu, maana alisoma alichokiona. Nilipoomba maandishi alinipa hati yenye sababu hii: "Hali iliyokuwepo kabla ya kujiunga. Kipindi cha kusubiri hakijaisha. Tarehe ya kuanza: 01/02/2025." Alipiga simu kwenu mara mbili kati ya saa 2 na saa 2:40, haikupokelewa. Mtoto alikuwa hajala tangu usiku na chumba cha upasuaji kilikuwa kimepangwa, hivyo nililipa kwa pingamizi: risiti ya kwanza ni ya malipo ya awali, ya pili ni ya salio wakati wa kuruhusiwa tarehe 19.

Sibishi kwamba hali hiyo ilikuwepo kabla ya kujiunga. Daktari alinieleza kuwa ngiri ya aina hii kwa mtoto kwa kawaida hutokana na njia ambayo ilipaswa kufungika karibu na kuzaliwa. Kwa hiyo hakuna haja ya kuagiza uchunguzi mwingine kuthibitisha lini ilianza. Ninachobisha ni tarehe.

Idrisa alijiunga 1 Februari 2023. Imeandikwa kwenye kadi yake. Kwa Kifungu 7.3 miezi 12 iliisha 31 Januari 2024, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya upasuaji. Tarehe 1 Februari 2025 si ya kujiunga. Ni siku ambayo mwajiri alihamisha kikundi chote kutoka mpango wa Shaba kwenda Fedha. Uanachama haukukatika hata siku moja: mpango wa zamani ulikoma 31 Januari, huu ukaanza kesho yake. Barua ya mwajiri inathibitisha michango ya miezi yote 24 ya nyuma. Inaelekea familia zilipohamishwa kwenye mfumo, tarehe ya mpango mpya iliwekwa kwenye nafasi ya tarehe ya kujiunga. Kama ndivyo, wenzangu wote wa kikundi hiki watakutana na jibu hilohilo.

Tena, kibali mlikitoa wenyewe tarehe 13 mkiwa na msimbo wa ugonjwa mbele yenu. Sikupata ujumbe wowote wa kukifuta, na uhakiki wa asubuhi ya tarehe 18 haukutaja kizuizi. Niliuliza kwa maneno haya: "Kuna chochote kitakachozuia upasuaji wa leo?" Nikajibiwa hakuna. Kama simu hurekodiwa, naomba rekodi ya U-59106 isikilizwe kabla ya kuamua.

Naomba yafuatayo:

Kwanza, tarehe ya kujiunga ya mnufaika 02 irekebishwe kwenye mfumo iwe 1 Februari 2023, na mnitumie taarifa mpya ya mafao inayoonyesha hivyo.

Pili, nirejeshewe jumla ya risiti zote mbili kasoro uchangiaji wangu wa asilimia 10. Bili ya mtaalamu wa usingizi imo ndani ya risiti ya pili, mstari wa 6. Isihesabiwe kuwa nje ya mkataba, kwani kibali kimemtaja.

Tatu, mkikataa, mniandikie kifungu mlichotumia na tarehe mliyohesabia, ili niende nayo kwenye kamati ya mapitio.

Siku zenu 15 za kazi zinaishia 14 Aprili, ila ombi la kwanza haliwezi kungoja hadi hapo. Idrisa anarudi kliniki kukaguliwa kidonda Jumanne, tarehe 1 Aprili, kwenye dirisha lilelile. Tarehe isiporekebishwa kabla ya siku hiyo, atakataliwa tena kwa sababu ileile.

Viambatisho: nakala ya kadi pande zote mbili, taarifa ya mafao ya 28 Februari 2025, kibali K-20774, hati ya kukataliwa yenye mhuri, nakala za risiti mbili (halisi ninazo, nitazileta mkizihitaji na kusainiwa kupokelewa), fomu ya malipo yenye maneno "Nimelipa kwa pingamizi", muhtasari wa kuruhusiwa, barua ya mwajiri kuhusu michango.

Nakala: Ofisi ya rasilimali watu ya mwajiri, Dirisha la bima la hospitali.

Wako,
Mwanahamisi Rashidi