Samahani sana: mafunzo ya kubebesha parachichi hayatafanyika Ijumaa hii. Chagua tarehe mpya au urudishiwe ada

Ndugu mshiriki,

Habari za kazi.

Kama una safari ya kuja Mbeya kesho, tafadhali usisafiri. Mafunzo ya siku mbili ya kubebesha miche ya parachichi, yaliyokuwa yafanyike Ijumaa tarehe 12 na Jumamosi tarehe 13 Juni 2026, yameahirishwa. Ukumbi tuliokuwa tumeulipia kianzio umetunyima nafasi. Tunakuomba radhi, hasa wewe uliyekwisha kukata tiketi na kuacha mtu wa kuangalia kitalu.

Jana saa mbili usiku msimamizi wa ukumbi alitupigia kusema siku hizo mbili wamempa mtu mwingine. Tulipomkumbusha risiti yetu, akajibu kwamba kianzio tutarudishiwa, basi. Hadi saa tano usiku tulikuwa bado kwenye simu tukitafuta pengine pa watu 84 penye uwanja wa kufanyia vitendo, tukakosa. Kosa letu ni hili: tulishika risiti bila mkataba wa maandishi. Safari hii mkataba umesainiwa asubuhi ya leo, kabla hatujakuandikia.

Kwa nini tusingesogeza kwa siku moja au mbili tu? Kwa sababu ya vikonyo, vile vijitawi vya kubebeshea. Vilikatwa jana asubuhi Rungwe, vikapukutishwa majani, vikafungwa kwa magazeti yenye unyevu na kuwekwa kwenye kisanduku cha baridi. Kikonyo kikikauka hakishiki hata ukifunga tepu vizuri namna gani, nasi hatutaki uje kujifunzia kwenye vijiti. Hivyo vya jana tumempa mwenye kitalu avitumie leo hii. Vya kwako vitakatwa upya.

Tarehe mpya ni Ijumaa 26 na Jumamosi 27 Juni 2026, kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni. Tutakuwa kwenye ukumbi wa parokia ulioko Uyole, mwendo mfupi kwa miguu kutoka njia panda ya Tukuyu. Ukitokea Rungwe, Kyela, Njombe au Iringa utashukia hapohapo Uyole bila kuingia mjini. Wa Vwawa, Tunduma na Mbalizi ndio tumewaongezea safari, maana mtalazimika kuupita mji wote, na foleni ya Mafiati na Mwanjelwa mnaijua. Tutawasubiri hadi saa 3:30 kabla ya kuanza. Njoo na sweta zito: Uyole asubuhi ya Juni si mahali pa shati la mikono mifupi, na zoezi la kwanza litafanyikia nje.

Ukikubali tarehe hiyo, jibu barua pepe hii kwa neno NAKUJA. Ada yako ya shilingi 45,000 itahamia huko, nawe hutaongeza kitu. Kisu, tepu na miche kumi ya kienyeji ya kujifunzia viko palepale, na chakula cha mchana pia. Ukishindwa wewe, unaweza kumtuma ndugu au jirani. Tuandikie tu jina lake.

Kama huwezi, jibu NIRUDISHIENI, pamoja na namba ya simu uliyolipia na jina linalotokea kwenye namba hiyo. Utapata shilingi 45,000 kamili ndani ya siku tatu za kazi, na gharama ya kutolea juu yetu. Aliyelipa kwa benki atarudishiwa kwenye akaunti yake. Hatutakuuliza sababu.

Mama mmoja wa Makambako alipopigiwa leo alfajiri alisema, "Mwanangu, mimi tiketi ninayo mkononi." Kwa yeye na wengine wenye hali hiyo: kwanza mwombe wakala akusogezee tarehe. Akikataa, piga picha ya tiketi ututumie, nauli tutairudisha sisi, hata kama umechagua kurudishiwa ada. Aliyelipia gesti atutumie risiti vilevile.

Tunaomba majibu kabla ya Alhamisi tarehe 18 Juni, tujue idadi ya vikonyo vya kukata. Usipojibu hatutahesabu kuwa umekubali. Tutakupigia kwa namba uliyojiandikishia. Na kama unamfahamu mshiriki asiyefungua barua pepe mara kwa mara, tafadhali mpigie leo. Sisi tumeshaanza kupiga, ila orodha ni ndefu na wapo ambao simu zao hazipatikani.

Samahani tena kwa usumbufu.

Mratibu wa mafunzo,
kwa niaba ya kamati ya maandalizi
Mbeya, Jumatano 10 Juni 2026