Barua ya kudai fidia ya gauni la harusi lililoharibika

Mombasa, 27 Juni 2025

Kwa mwenye draiklina

YAH: GAUNI LA HARUSI, RISITI NAMBA 0417

Mama, salamu. Mimi na wewe hatujaonana, nimekuwa nikizungushwa tu na vijana wako wa kaunta na yule meneja ambaye siku hizi hashiki simu yangu, kwa hiyo nimeona bora niandike usije ukasema hukuambiwa.

Jumatatu tarehe 16 nilileta gauni langu jeupe la harusi, la leisi na shanga kifuani mpaka kiunoni. Halikuwa na shida kubwa, lilikuwa na mavumbi kwenye mkia na doa moja la juisi ya ukwaju kwenye pindo, hilo sikatai. Nikamwonyesha msichana wa kaunta lebo ya ndani yenye alama ya pasi iliyopigwa msalaba, nikamwambia hizi shanga ni za plastiki na zingine zimegandishwa kwa gundi, zisiingie kwenye mashine. Akasema sawa, akaandika mwenyewe kwenye risiti "shanga – mkono". Nikalipa shilingi 3,500 papo hapo kwa M-Pesa.

Jumamosi tarehe 21 nikaja kuchukua, nikapewa limefungwa nailoni, nikafika nyumbani ndo nikafungua. Mama, nilikaa chini. Shanga za kifuani zimeyeyuka zikashikana vibonge kama ubani, gundi imetoka njano imepenya kwenye leisi, na ubavu wa kushoto kuna alama ya pasi nzima nzima, ncha yake inaonekana, hata matundu ya mvuke unaweza kuyahesabu. Kitambaa hapo kimekauka kinang'aa, ukikikunja kinalia kama karatasi. Na lile doa la ukwaju, lililonileta kwenu, bado lipo.

Niliporudi siku ileile meneja akaniambia ati gauni lilikuwa la zamani. Nimelivaa mara moja tu, tarehe 14 Desemba 2024, toka hapo liko kwenye mfuko wake kabatini. Halafu gauni kuzeeka halitoi alama ya pasi. Baadaye akasema dawa ya draiklina ndo inayeyusha shanga za aina ile, sasa hiyo si ndiyo sababu niliwaambia mfanye kwa mkono? Mwisho akageuza risiti akanionyesha maandishi madogo ya nyuma, kwamba mnalipa mara kumi tu ya bei ya kusafisha, yaani 35,000. Hayo maandishi hakuna aliyenisomea, na risiti nilipewa nikiwa nishalipa. Ya mbele aliyoandika mfanyakazi wenu kwa mkono wake mbona hamyafuati?

Hasara yangu ni hii. Gauni nilinunua 68,000, na fundi akalirekebisha kwa 6,500. Lakini kwa 68,000 silipati tena, nimeuliza maduka mawili gauni la aina ileile na saizi ileile, moja wanataka 82,000 na lingine 79,500. Nimechukua ile ya chini. Ukiongeza 6,500 za fundi, manake hakuna gauni la dukani linalonikaa bila kupunguzwa, na 3,500 zenu mnirudishie, inakuja shilingi 89,500. Uchungu wangu sijauweka bei, wala boda za kwenda na kurudi.

Na haraka ninayo kweli. Gauni nilishamuahidi mdogo wangu, anaolewa tarehe 23 Agosti, alishalijaribu na likamkaa. Sasa mama yetu ananiuliza kila siku limefika wapi na mimi nababaika tu.

Naomba hizo pesa ziwe zimeingia kabla ya Ijumaa tarehe 11 Julai, kwa namba ileile niliyolipia. Ofa ya kulisafisha tena bure siitaki, plastiki iliyoyeyuka hairudi kuwa shanga. Tarehe hiyo ikipita kimya nitaenda Mahakama ya Madai Madogo, wanapokea madai mpaka shilingi milioni moja na huhitaji wakili, na Katiba yetu ibara ya 46 inampa mteja haki ya kulipwa hasara ya huduma mbovu. Sipendi tufike huko, nguo zetu za nyumbani zimepita kwenu miaka na hatukuwahi kugombana.

Nimeambatanisha kopi ya risiti pande zote mbili, meseji ya malipo, picha za gauni siku ya harusi na za siku niliyolichukua, pamoja na bei za maduka yote mawili. Gauni lenyewe sijaligusa, liko kwenye nailoni yenu vilevile na tiketi yenu imening'inia. Ukitaka kuliona kwa macho yako njoo au nikuletee, ila nitasimama nalo mimi, siliachi tena kaunta.

Wako,
Rehema