Kumaliza ukodishaji wa shamba la ekari 5, Galapo, na hesabu ya mazao yaliyobaki shambani

Rehema Msangi (Mama Neema),
Galapo,
Babati.
21 Julai 2025

Mzee Tluway,
Galapo.

YAH: KURUDISHA SHAMBA LAKO LA NJIA YA KWENDA QASH NA MALIPO YA MBAAZI NA MUHOGO

Shikamoo Mzee. Natumaini Mama naye anaendelea vizuri na mguu wake.

Naandika haya ili yale tuliyozungumza Jumamosi tukilizunguka shamba yawe kwenye karatasi, maana mdomo hauachi nakala. Mkataba wetu wa msimu unaisha tarehe 31 Julai na sitauhuisha tena. Nimelilima shamba lako tangu Novemba 2022, misimu mitatu, kodi ya msimu shilingi 500,000 kwa ekari zote tano, na ya mwisho uliipokea yote mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kwa hiyo kodi ya nyuma hakuna. Kijana wako amerudi na anataka kulima cha kwenu, nami sina neno juu ya hilo.

Mahindi yatakuwa yametoka yote kabla ya tarehe 31. Zimebaki kona mbili tu za kuvunja. Shida iko kwenye mbaazi. Mkataba wetu tuliandika "hadi mavuno" bila kusema mavuno ya nini, na wewe unajua kama ninavyojua kwamba mbaazi ya huku hukaa chini ya mahindi miezi yote, halafu inaanza kuchangamka yakishaondoka. Sasa hivi ina maua, na ile ya upande wa juu imeanza kushika vitumba. Kuvuna ni Septemba kuingia Oktoba. Siwezi kuing'oa, na wewe huwezi kuniambia niiache bure.

Tulivyokubaliana ni hivi. Ekari tatu na robo tatu za juu, mbaazi inabaki mpaka niivune, na mwisho wangu ni tarehe 15 Oktoba, hata kama kutakuwa na miti yenye maganda mabichi. Kwa muda huo wa miezi miwili na nusu baada ya mkataba nakulipa 60,000, yaani 16,000 kwa kila ekari. Najua kwa desturi wengi huachiwa wavune bila kulipa, lakini kijana wako anachelewa kwa ajili yangu na naona ni haki.

Ekari moja ya chini, kwenye mfereji, mnaihitaji mwishoni mwa Agosti ili trekta iikatue. Hapo mbaazi inakatwa kabla ya kukomaa, na hiyo ndiyo ninayodai. Kupiga bei zao lenye maua ni kubahatisha: funza wa vitumba akiingia, nusu inaondoka. Ndiyo maana sikutaka tutumie mavuno ya mwaka ule mzuri. Tumechukua magunia matatu ya kilo 100, ya mizani, si ya lumbesa, kwa shilingi 900 kwa kilo. Inakuja 270,000. Humo nimetoa 70,000 ambazo nisingekwepa kuzitumia kama ningevuna: vibarua wa kukata na kupura, magunia, na usafiri wa kufika AMCOS. Inabaki 200,000. Bei ikipanda mnadani baadaye sitarudi kudai nyongeza, na ikishuka wewe usinidai. Miti itakayokatwa ni kuni zenu.

Muhogo ni ile robo ekari ya pembeni mwa mwembe. Niliupanda Novemba iliyopita, kwa hiyo hautakuwa tayari kwangu, ila kwenu utakuwa chakula mwakani. Tulihesabu mashina 870 yaliyo hai, yale ya kwenye kichuguu tukayaacha nje ya hesabu. Sidai faida, nadai gharama tu: kulima 20,000, mbegu na kuzibeba 40,000, palizi mbili 50,000. Jumla 110,000. Kuanzia tarehe 1 Agosti muhogo ni mali yenu na sitachimba hata shina moja. Nimemwambia Neema na wadogo zake pia.

Kuna tuta la kingamaji ambalo trekta niliyokodi ililibomoa msimu uliopita. Hilo ni langu. Fundi wa matuta amesema 40,000 kulirudishia, ikatwe kwenye hela yangu, mtalijenga wenyewe mnavyotaka kabla ya mvua.

Hesabu yote inasimama hivi:

Mbaazi ya ekari moja: 200,000
Muhogo: 110,000
Jumla ninayokudai wewe: 310,000
Toa muda wa ziada wa ekari tatu na robo tatu: 60,000
Toa tuta: 40,000
Salio unalonilipa: 210,000

Utalipa kwa awamu mbili. Shilingi 100,000 kabla trekta haijaingia ekari ya chini, na isiingie kabla, Mzee, maana mbaazi ikishalala hakuna atakayeipima tena. Shilingi 110,000 zilizobaki utanipa tarehe 15 Oktoba tukiwa tumesimama shambani na nimekukabidhi. Nikipitisha siku hiyo bila kuondoka, kata 5,000 kwa kila siku kwenye hiyo awamu ya pili.

Sasa jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hela. Mahindi yakishatoka, watu huona shamba limekwisha na kufungulia ng'ombe. Ng'ombe haachi mbaazi. Anavunja tawi lenye maua ili afikie jani la juu, na mti ukivunjwa wakati huu haurudi. Mabua yote nawaachia bure, lakini yakatwe na yabebwe kwa mkokoteni hadi nyumbani, yasiliwe humo humo. Mwambie yule mchungaji wenu mwenyewe, kwangu hasikii. Mifugo yako ikiingia kwenye zile ekari za juu, tutaita mwenyekiti, tutahesabu miti iliyoharibiwa, na tutatumia kipimo kilekile cha magunia matatu kwa ekari na bei ya 900, tukitoa gharama zilezile. Ikiingia ya mtu mwingine, tunamkamata sote wawili; sitakudai wewe.

Ile miti mitatu ya mgrevilea niliyoipanda mpakani naiacha, siihesabu. Banda la vyombo nitalibomoa na mabati yake nitaondoka nayo, mashimo nitafukia. Alama za mpaka ziko palepale na jirani wa upande wa mashariki amekubali kuja siku ya makabidhiano ili kesho asije mtu kusema nilisogeza.

Nimeandika nakala tatu. Kama umeridhika, Jumapili tarehe 27 baada ya ibada tukutane kwa mwenyekiti wa kitongoji, usaini mbele yake, yeye abaki na nakala moja. Mimi nitakuja na Baba Neema kama shahidi, wewe uje na kijana wako, kwani yeye ndiye atakayelima na ni vizuri asikie kila kitu mwenyewe. Kama kuna namba hukubaliani nayo, nitumie ujumbe kabla ya Jumapili, tuipitie tena shambani wawili, si mbele za watu. Sioni cha kutupeleka baraza la ardhi la kijiji.

Debe moja la mahindi mapya nimemtengea Mama. Hilo halimo kwenye hesabu.

Wako,

Rehema Msangi

Nakala: Mwenyekiti wa kitongoji